Kupandisha kii hadi kwenye mzizi ni nusu tu ya ujanja wa splei

Kila ukisoma kuhusu mti wa splei, yaani mti wa utafutaji unaojipanga upya kila unapotafuta kitu, unakutana na maelezo yaleyale, kwamba kii uliyoitafuta sasa hivi inapandishwa mpaka kwenye mzizi ili ukiitaka tena uikute palepale juu, basi, stori imeisha. Sio uongo, programu nyingi kweli zinarudia vitu vichache mara nyingi. Ila kwa maoni yangu maelezo hayo yanaruka sehemu tamu kuliko zote, maana kupandisha peke yake hakutoshi, na ukipandisha vibaya mti unabaki mbovu kama ulivyoukuta.

Hebu chukua kii 7 zilizojipanga mstari mmoja: 7 ndio mzizi, 6 ni mtoto wake wa kushoto, 5 chini ya 6, hivyohivyo mpaka 1 kule chini kabisa. Sasa tafuta 1. Njia inayokuja haraka kichwani ni kuzungusha 1 na mzazi wake, yaani 1 inapanda na mzazi anashuka kuwa mtoto wake, halafu na mzazi mpya, mpaka ifike juu. Ni mizunguko 6, na 1 inakuwa mzizi, safi, lakini angalia ilichoacha nyuma: kulia kwake kuna 7, chini ya 7 kuna 6, kisha 5, 4, 3, na 2 iko chini kabisa. Yaani ukitafuta 2 ni hatua 6 zilezile! Ukizipitia zote kwa mpangilio 1 mpaka 7 unalipa mizunguko 27 halafu mti unarudi kuwa ule mstari wa mwanzo, unaanza upya. Kwa kii 100,000 kuzipitia zote hivyo mara moja ni karibu mizunguko bilioni 5.

Sleator na Tarjan, kwenye pepa yao ya 1985, walibadilisha kitu kinachoonekana kidogo sana. Kama x, mzazi wake p na babu yake g wako upande mmoja, hiyo inaitwa zigi-zigi, usianze na x:

```
rotate(p)   # mzazi kwanza, juu ya babu
rotate(x)   # ndipo x
```

Wakiwa pande tofauti unazungusha x mara mbili kama kawaida, na ikibaki hatua moja tu kufika mzizi unazungusha mara moja. Rudi kwenye mstari wetu, tafuta 1 kwa njia hii. Mizunguko ni 6 vilevile, lakini sasa chini ya 1 kuna 6, yenye 4 kushoto na 7 kulia, na chini ya 4 kuna 2 na 5, na 3 inaning'inia kwa 2. Kii ya chini kabisa iko hatua 4, sio 6 tena. Njia ndefu uliyopita imekunjwa karibu nusu, na hilo ndilo ulilolinunua kwa ile gharama.

Hapo ndipo hesabu ya amotaizi inapoingia, yaani kupima gharama ya mfululizo mzima badala ya utafutaji mmoja mmoja. Tuseme mti una kibubu, na kilichomo ni jumla ya `log2(s)` kwa kila nodi, `s` ikiwa ni idadi ya nodi zilizo chini yake pamoja na yenyewe. Mti mrefu mbovu una kibubu kilichojaa, mti uliotanuka kibubu chake ni chepesi. Mstari wetu una `log2(5040)`, kama 12.3. Baada ya splei ni `log2(336)`, kama 8.4, kwa hiyo kati ya mizunguko 6 karibu 3.9 imelipwa na kibubu na wewe umetoa 2.1 hivi. Na ile njia ya kwanza? 5040 kabla, 5040 baada, kibubu hakijatoa hata senti, ndo maana unaumia kila mara.

Kwanini zigi-zigi inalipika siku zote: matawi ya x kabla na matawi ya g baada hayaingiliani, kwa hiyo mojawapo lazima lisizidi nusu ya jumla. Ama g imeshuka ikawa ndogo na kibubu kimetoa, ama x ndiyo ilikuwa ndogo na sasa ukubwa wake umeongezeka angalau mara mbili, na kuongezeka hivyo hakuwezi kutokea zaidi ya `log2(n)` mara, `n` ikiwa ni idadi ya kii zote. Ndipo unapata kila utafutaji kugharimu, kimahesabu, si zaidi ya `3*log2(n) + 1`.

Sasa msinielewe vibaya, hiyo ni ahadi ya mfululizo mzima, utafutaji mmoja bado unaweza kula hatua n nzima, kwa hiyo kwenye mfumo unaotaka jibu ndani ya muda maalumu mimi siuweki. Kingine kinachosahaulika ni kwamba hapa kusoma ni kuandika, kila utafutaji unahamisha pointa, kwa hiyo thredi kumi zinazosoma tu zinahitaji loki kama vile zinaandika. Na kama kii zako zinaitwa bila mpangilio wowote, zote kwa usawa, unalipa mizunguko bure, hapo mti mwekundu-mweusi, ule unaobaki mfupi siku zote bila kujipanga upya unapotafuta, unakutosha kabisa.