Viatu vya Mama Mkwe

Kwa kuwa shemeji yangu amekwisha kulitangaza jambo hili kwa namna yake, naona heri mlisikie na kutoka kwangu, ingawa fedheha bado ni mbichi.

Mama mkwe wangu alinipigia simu kutoka Tanga akitaka nimtafutie filamu ya Kihindi aliyoitazama ujanani, mnamo 1975 hivi. Alikumbuka ndugu watatu waliopotezana utotoni, wimbo, na jambo moja ambalo mtandao ulilikatakata: “…viatu, mwanangu, mguu mmoja namba nane, mwingine tisa.” Nikajua ananidokezea zawadi. Mkwe mwema hamuulizi mama mzima habari za miguu yake, basi nilinunua jozi mbili za makubadhi, nikachukua moja moja. (Msicheke. Muuza viatu alikwisha kucheka kwa niaba yenu.)

Filamu nayo sikuitaabikia: ndugu watatu waliopotezana, miaka ya sabini, itakuwa nini kama si Amar Akbar Anthony ya 1977? Sikujiuliza mtu angeitazamaje filamu miaka miwili kabla haijatoka.

Jumamosi ukoo mzima ulijaa sebuleni. Nilisimama, nikatoa hotuba, nikamvisha mama makubadhi yake mbele ya watu, kisha nikawasha. Haikufika hata nusu saa, ikaja ile sehemu ya hospitali: vijana watatu wasiojuana wamelala vitandani, damu inapanda mirijani hadi kwenye chupa moja, kisha inamshukia mgonjwa ambaye hawajui kuwa ndiye mama yao. Mimi machozi yananilenga. Mama akaitazama ile damu, akaitazama miguu yake, kanda moja ikimbana na nyingine ikimpwaya, akaniuliza taratibu, “Baba, muuaji yuko wapi?”

“Muuaji gani, mama?”

“Mwenye viatu namba nane na tisa.”

Sebule ilinyamaza. Shemeji ndiye aliyeelewa kwanza, na tangu alipoanguka kwenye mkeka kwa kicheko hajainuka vizuri hadi leo.

Nilikimbilia uani na simu. Ndugu waliopotezana wamejaa tele katika filamu za Kihindi, lakini jambazi mwenye miguu ya namba mbili ni mmoja tu: Shakaal, katika Yaadon Ki Baaraat ya 1973. Ndiye aliyewaua wazazi, na wimbo wa familia ndio unaowakutanisha ndugu. Kumbe 1975 ulikuwa mwaka alioitazama mama, si mwaka ilipotoka. Nilirudi, nikaiweka, mama akaimba, pilau ikaliwa, tukalala.

Kwangu yamebaki makubadhi mawili mapya, nane la kulia na tisa la kushoto. Mwenye kumfahamu Shakaal amfikishie salamu.