Kujaza fomu ya hifadhi kwa tafsiri ya simu

Fomu I-589, ambayo mtu huombea hifadhi Marekani, hujazwa kwa Kiingereza, na kwa kawaida hupaswa kuwasilishwa ndani ya mwaka 1 tangu mwombaji aingie nchini. Mtu aliyetoka Pemba, asiye na pesa ya wakili na asiyejua Kiingereza cha kutosha, halaumiki akishika simu ili itafsiri. Na ana sababu nyingine isiyosemwa sana: mkalimani aliye karibu pengine ni jirani, na yaliyompata si ya kusimuliwa mbele ya jirani.

Kwa kusoma maswali, simu inafaa. Maswali kuhusu yaliyompata mtu yameandikwa kwa sentensi kamili, na swali likieleweka vibaya, mara nyingi jibu lenyewe halikai sawa, mtu akashtuka. Wasiwasi wangu uko kwenye majibu.

Tuseme ameandika: "Walikuja saa mbili usiku wakampiga mama mdogo. Alilazwa hospitali." Kiswahili hiki hakina kasoro. Lakini simu ikiitafsiri saa neno kwa neno, afisa ataelewa ni saa nane za usiku, ilhali watu walivamia baada ya isha. "Mama mdogo" anaweza kugeuka mama wa kambo. Na "alilazwa", ikitafsiriwa peke yake, mara nyingi hutoka kama habari ya mwanamume.

Wengi hujikagua kwa kuirudisha tafsiri kwenye Kiswahili. Hapo ndipo wanapodanganyika, kwa sababu ile saa iliyopotoka inaweza kurudi "saa mbili usiku", na yule mwanamume hurudi "alilazwa". Kila kitu kinaonekana kimenyooka, kumbe karatasi inasema jingine.

Mwombaji hutia saini akijua kuwa kusema uongo ni kosa la jinai. Kwenye usaili afisa hulinganisha maneno yake na fomu, na tangu sheria ya mwaka 2005, hitilafu inaweza kupunguza uaminifu wake hata kama haigusi kiini cha madai. Ni kweli kwamba fomu husahihishwa mwanzoni mwa usaili, ila ni lazima mtu awe ameligundua kosa.

Kwa hiyo simlaumu anayetumia simu, bali anayeitumia peke yake. Kwanza aandike Kiswahili kisichoacha mwanya: "saa 20:00", "mdogo wake mama, wa kike", na jina la mtu kila anapotajwa. Kisha amtafute mjuzi wa lugha zote mbili ambaye hajaona ile nakala ya Kiswahili, amsomee Kiingereza hicho kwa Kiswahili, sentensi moja moja, naye asikilize kama ndivyo ilivyokuwa. Akiona haya kwa jirani, msomaji huyo anaweza kuwa mtu wa mji mwingine, kwa simu.