Uwiano wa utegemezi: kipi cha kuamini na kipi cha kuongeza

"Kaka, takwimu zinasema kila watu 100 wenye umri wa kufanya kazi wanategemewa na watu 87. Mbona mimi peke yangu hapa Ngamiani, Tanga, nategemewa na watano?"

Jibu linaanzia kwenye namna hesabu inavyofanywa. Huchukuliwa watoto wa miaka 0 hadi 14, wakajumlishwa na wazee wa miaka 65 na zaidi, kisha jumla ikagawanywa kwa watu wa miaka 15 hadi 64 na kuzidishwa kwa 100. Hakuna anayeulizwa kama ana kazi, wala analipwa kiasi gani. Kinachotazamwa ni umri tu. Kwa Sensa ya 2022 Tanzania ilipata takribani 87, ikiwa imeshuka kutoka karibu 92 mwaka 2012.

Tuchukue nyumba ya mfano, ya aina ambayo mtu wa Tanga hahitaji kuitafuta mbali. Kuna bibi wa miaka 67 anayekaanga samaki na kuwauza kibarazani jioni. Mwanawe wa miaka 40 anaendesha bodaboda ya mtu na kila siku lazima ampelekee mwenye pikipiki hesabu yake kabla hajajua kama yeye amebakiwa na chochote. Mkewe wa miaka 36 anapika vitumbua alfajiri. Yupo mdogo wa huyo dereva, binti wa miaka 24 aliyemaliza chuo na bado anatafuta kazi. Halafu watoto wanne: wa miaka 16 yuko kidato cha tatu, wa 12 na wa 9 wako shule ya msingi, na wa mwisho ana miaka 3.

Kwa hesabu ya sensa, wategemezi hapo ni wanne: bibi na watoto watatu wadogo. Wenye umri wa kufanya kazi nao ni wanne: baba, mama, shangazi na mwanafunzi wa kidato cha tatu. Uwiano ni 100, yaani kila mmoja anabeba mtu mmoja. Sasa tazama nani anaingiza hela. Ni baba, mama na bibi. Waliobaki ni watano, na 5 ukigawanya kwa 3 ukazidisha kwa 100 unapata kama 167. Bibi aliyehesabiwa kuwa mzigo ndiye huenda analipia mchele wa usiku, na kijana aliyehesabiwa kuwa mbebaji bado anasubiri nauli ya asubuhi.

Hapo ndipo wanaoupinga uwiano huu wanaposimama, na wana hoja nzito. Hoja yao kubwa, kwa maoni yangu, ni ya mtoto anayetimiza miaka 15. Kwa kawaida anakuwa kidato cha kwanza au cha pili. Siku hiyo namba inapungua, kwa sababu ametoka upande wa wategemezi na kuingia upande wa pili. Nyumbani mambo yanakwenda kinyume: ada ya sekondari ya serikali hadi kidato cha nne imefutwa tangu 2016, lakini sare za mwili unaokua, madaftari, nauli na chakula cha mchana bado vinamngoja mzazi. Kadiri watoto wengi wanavyobaki shuleni zaidi ya miaka 15, jambo ambalo sote tunalitaka, ndivyo uwiano rasmi unavyozidi kuonyesha nafuu ambayo mzazi haioni.

Upande wa wazee kuna tatizo la namna hiyo hiyo. Mtumishi wa umma anastaafu kwa lazima akiwa na miaka 60, na Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003 inamwita mtu mzee kuanzia umri huo. Sensa inaendelea kumhesabu kama nguvu kazi hadi atimize 65. Kwa upande mwingine mvuvi wa Sahare au mkulima wa machungwa Muheza hana tarehe ya kustaafu. Anaacha mwili unapokataa.

Hata hivyo sikubaliani na wanaosema namba hii itupwe. Anayepanga madarasa, chanjo na walimu hahitaji kujua nani ana ajira, anahitaji kujua watoto ni wangapi ukilinganisha na watu wazima. Kwa kazi hiyo umri unatosha. Tena ni kipimo ambacho kila nchi inaweza kukitoa kwa sensa ya kawaida, bila kubishana nini kiitwe kazi. Na ubishi huo si mdogo. Rudi kwa yule shangazi wa miaka 24. Nimemweka upande wa wasioingiza hela, lakini ndiye anayebaki na mtoto wa miaka 3 na kupika mchana ili mama auze vitumbua. Akipata ajira mbali, mama huenda akarudi nyumbani. Kwa hiyo hata ile 167 yangu inamwonea. Umri una ubaya wake, ila hauhitaji hukumu ya mtu.

Ninachokiona kuwa kosa kubwa zaidi ni kuisoma namba ikiwa nzima. Ile 87 yetu ukiipasua, takribani 80 ni watoto na 7 tu ni wazee. Japani, mwaka huo huo wa 2022, ilikuwa na karibu 68. Mtu anaweza kudhani mzigo wao ni mwepesi kidogo kuliko wetu na wa aina moja. Lakini kwao karibu 49 walikuwa wazee na 19 tu watoto. Mzigo wa Japani unapita kwenye pensheni, bima na hospitali, na mfanyakazi anaulipa kupitia kodi na makato. Wetu unapita kwenye mfuko wa mzazi na kwenye shule. Hata wazee wetu wachache wengi wao wanatunzwa na watoto wao, kwa sababu Bara hakuna pensheni ya kila mzee kama ile ambayo Zanzibar iliianza mwaka 2016 kwa waliofikisha miaka 70.

Tofauti hiyo inabadilisha pia maana ya kushuka kutoka 92 hadi 87. Wanaoshangilia wanasema uzazi unapungua, wastani wa watoto kwa mwanamke umeshuka kutoka 5.2 katika utafiti wa 2015/16 hadi 4.8 katika ule wa 2022, kwa hiyo familia zitapata nafasi ya kuweka akiba. Ni kweli nafasi inafunguka. Lakini wanaoongezeka upande wa wabebaji ni vijana wa miaka 15 hadi 24, na wao ndio wanaohangaika zaidi na ajira. Kushuka huko kutamfikia yule dereva siku mdogo wake atakapopata kazi, hata kama uwiano wa taifa utabaki palepale.

Jambo la mwisho ni mipaka. Vijana wengi wa Lushoto na Handeni wako Tanga mjini au Dar es Salaam, wakihesabiwa huko walikolala usiku wa sensa. Vijijini uwiano unapanda, mijini unashuka, na mtu akaamini kijana wa mjini ana nafuu. Simu yake inaonyesha habari nyingine kila mwisho wa mwezi, anapotuma hela ya mbolea kwa mama na ya sare kwa mdogo wake. Wategemezi hao wako kwenye uwiano wa Lushoto, na anayewalisha yuko kwenye uwiano wa Dar. Ndiyo maana watano wako, kama baadhi yao wanakaa kijijini, hutawaona kwenye namba yoyote ya mji unaoishi.