Nzi Aliyenichomea Picha

Rafiki yangu mmoja, bingwa wa kushauri asiyeshaurika, aliniambia: "Wakitaja mshahara, nyamaza kimya. Mwenye njaa ndiye huongea."

Basi siku ya simu ya video, meneja, mama mmoja mpole, akanieleza kwamba nafasi yangu ni daraja la 7, ngazi ya 1. "Na mshahara hapa unafuata daraja," akaongeza. "Hakuna kupatana."

Nikanyamaza. Tena si kunyamaza kwa kawaida: nilikaza shingo, nikatoa macho, mdomo wazi nusu. Sikupepesa.

"Haloo? Haloo?" Kimya. "Ah, mtandao wake umeganda."

Hapo ningesema kitu, lakini mwenzake wa utumishi akaniwahi kutoka pembeni: "Huyu mbona tunamweka ngazi ya 1? Ana uzoefu wa miaka 6."

"Hajauliza," mama akajibu. "Nafasi inataka miaka 2. Kila miaka 2 ya ziada ni ngazi moja juu, kwa hiyo akileta barua za waajiri wake anafika ya 3. Ila iwe kabla hajasaini. Akishasaini, ndio basi, asubiri nyongeza ya mwaka kama wengine."

Jamani! Kumbe daraja limefungwa kwa kufuli, lakini ndani yake mna ngazi, na ngazi hizo hazina mlinzi! Wakati huohuo nzi akatua kwenye pua yangu. Akatembea taratibu, akapumzika kwenye ncha, akaanza kunawa mikono. Machozi yakanilenga. Nikavumilia, maana sanamu haipigi chafya.

Alipoelekea tundu la pua, nikashindwa. Nikatikisa kichwa. "Haloo? Mnanisikia? Mtandao huu jamani!"

"Tunakusikia. Tulikuwa tunasema mshahara unafuata daraja."

"Nimeelewa, mama, sibishani na daraja," nikasema, sauti ya mtu asiyejua lolote. "Naomba kuuliza tu: ngazi ya kuanzia ndani ya daraja inapangwa kwa kigezo gani? Nina miaka 6 ya kazi hiihii, na barua zinazoonyesha tarehe na majukumu naweza kuzituma leo."

Wakatazamana. Mama akakohoa, akaeleza yaleyale niliyokwisha kuyasikia, nami nikashangaa kwa kila sentensi: "Aah! Kumbe!" Nikajaribu bahati zaidi: je, ngazi ya 4? Hapana, hiyo inataka miaka 8. Nikaomba basi barua ya ajira iandikwe upya, ngazi ya 3 ionekane wazi, ndipo nisaini. Akakubali.

"Ila kijana," akasema kabla ya kukata simu, "siku nyingine mtandao ukikuganda, mwambie na nzi agande."