Anzeni na Kizingiti cha Juu, Misumari Iacheni Mwisho

Ikiwekwa mtandaoni picha ya kichochoro cha mji wa kale wa pwani yetu, macho ya watu hukimbilia misumari ya shaba. Mlango ukiwa na vifundo vya shaba, mmoja atasema hiyo ni Zanzibar, na wa pili ataeleza kwamba misumari iliwekwa ili tembo wasivunje mlango. Hadithi ya tembo ni ya Bara Hindi, na pambo lenyewe lilikuja kwetu na bahari kutoka huko huko. Hapa lilikuwa fahari ya mwenye nyumba. Mimi nashikilia kwamba, ukitaka kujua mlango ni wa mji gani, misumari ndiyo ushahidi dhaifu kuliko wote, kwa sababu fundi anaweza kuipigilia leo kwenye mlango wa hoteli iliyojengwa jana. Picha inasomeka vizuri zaidi ukianzia kizingiti cha juu, kisha ukatazama mlango umekaaje ukutani.

Kizingiti cha juu ndipo mchongaji alipoweka nguvu zake, na ndipo biashara ya mji inapoonekana. Katika milango ya Unguja iliyofuata mtindo wa Kiomani, kizingiti ni kipande kilichonyooka, cha mstatili, na mara nyingi kina maandishi ya Kiarabu, aya au jina, na pengine mwaka. Mbawa mbili za mlango ni mbao za kusimama. Katikati kuna mfaa, ule mti uliochongwa ambao umefungwa kwenye ubawa mmoja na kuufunika mwanya. Baadaye, hasa zama za Sultan Barghash (1870 hadi 1888), mafundi na matajiri wa Kihindi walileta ladha nyingine: juu ya mlango likaja tao la nusu duara lililojaa majani na maua yaliyosokotana, bila kuacha nafasi tupu. Nyumba za wafanyabiashara wa Kigujarati nazo zina mlango wa namna yake, mbawa zilizogawanywa katika miraba, nakshi yake ikiwa ya kiasi.

Lamu ni habari nyingine. Nakshi nyingi za kule hazikuchimbwa kwa kina, na mchongaji hupenda kuweka ua moja la duara katikati ya kizingiti na kuacha mbao zipumue. Lakini nakshi peke yake isikudanganye, maana mafundi wa Lamu wamechongea miji mingi, na bado wanachonga hadi leo kwa mitindo yote. Kinachoitambulisha Lamu kwa yakini zaidi ni kiingilio.

Nyumba ya kale ya mawe ya Lamu haiuweki mlango wake usoni mwa njia. Kwanza kuna daka, kibaraza kilichoingia ndani ya ukuta, chenye viti vya mawe kulia na kushoto, ambapo mgeni wa kiume hukaa na mazungumzo humalizikia hapo hapo. Mlango wa nakshi uko nyuma ya daka. Ukivuka kizingiti cha chini unaingia tekani, na tekani inapinda kabla ya kukufikisha kiwanda, yaani ua wa ndani ulio wazi juu. Kwa hiyo hata mlango ukiwa wazi kabisa, aliye njiani haoni watu wa nyumbani, anaona ukuta. Hilo ni jambo la kulitafuta kwenye picha: mlango umefunguliwa, ndani kuna kivuli na ukuta uliopigwa chokaa, na mwanga wa ua unatokea pembeni.

Unguja mara nyingi ni kinyume. Mlango umekaa karibu usawa na uso wa ukuta, unataka kuonekana, na baraza la mawe limetambaa nje kufuata ukuta wa nyumba. Katika mitaa ya maduka utaona pia upenyo mpana unaofungwa kwa mbao zinazopangwa moja moja, duka chini na makazi juu. Mji wa Kale wa Mombasa nao hujitambulisha kwa kumwinua mtu macho, kwenye roshani za mbao zilizotokeza juu ya njia.

Nina picha moja iliyozunguka sana ikiwa na maelezo "mlango wa kale, Lamu". Juu ya mlango kuna tao lililojaa mizabibu. Hakuna daka. Baraza limepita nje pande zote mbili, na upande wa kulia ukingo wa picha umekata mbao za duka. Kila dalili inaelekea Unguja. Ndani ya tao kuna tarakimu za Kiarabu ١٣٠٤. Huo ni mwaka wa Hijria, na njia ya haraka ya kuugeuza ni kupunguza asilimia tatu, kisha kuongeza 622. Asilimia tatu ya 1304 ni kama 39, inabaki 1265, ukiongeza 622 unapata 1887. Kwa kuwa mwaka ule wa Hijria ulianza Septemba 1886, tunasema 1886 au 1887. Hizo ni zama za Barghash, miaka michache baada ya kasri lake la Beit al-Ajaib kujengwa mwaka 1883. Tao, mwaka na ukuta vimekubaliana. (Hakikisheni kwanza picha haikugeuzwa kama kwenye kioo. Tarakimu ١ na ٠ hazibadiliki zikigeuzwa, lakini ٣ na ٤ zitaangalia upande usio wao, na maandishi yote hayatasomeka.)

Bado kuna swali ambalo wengi hawaliulizi: je, mlango huu ulizaliwa kwenye ukuta huu? Milango imeuzwa, imehamishwa, imepandishwa majahazi. Mwaka uliochongwa unauhusu mlango, na ukuta unaweza kuwa wa juzi. Namna ya kutambua ni kutazama pembe za juu, pale miimo ya pembeni inapokutana na kizingiti. Mlango wa nakshi una mkufu au kamba iliyochongwa inayopanda mwimo mmoja, inapita juu na kushuka mwimo wa pili. Fundi aliupimia, kwa hiyo kwenye pembe pingili za mkufu zinakutana sawasawa. Pingili ikiwa imekatwa nusu, mtu amepunguza mbao ili zienee kwenye tundu jipya. Angalia pia kizingiti cha chini. Mlango wa kale unakulazimisha kuinua mguu, na uliohamishwa mara nyingi umekatwa miguu au umekaa juu ya saruji. Mstari wa saruji ya kijivu kati ya fremu na ukuta wa chokaa ni dalili ya tatu, ingawa hiyo peke yake haitoshi, kwani hata mlango uliopo mahali pake huzibwa nyufa. Na bawaba za chuma zisikusumbue sana: mbawa za zamani zilizunguka juu ya ncha za mbao zilizoingia kwenye matundu ya vizingiti, na ncha zikilika watu huweka bawaba.

Katika ile picha yangu pingili za pembeni zimekutana na kizingiti cha chini kipo, kimelika katikati kwa kukanyagwa. Hilo la "Lamu" nililiandikia masahihisho pale pale.

Ombi langu ni kwa wapiga picha. Msikate picha kwenye ua la katikati na misumari tu. Rudini nyuma hatua mbili, mchukue pembe zote nne za fremu, kizingiti cha chini, na walau mita moja ya ukuta kila upande, na kama mlango uko wazi na wenyewe wameridhia, kile kinachoonekana ndani.