Diski ina nafasi, faili limegoma

Mwezi uliopita nusura niitupe diski isiyo na kosa. Nakala ya akiba ya hifadhidata huandikwa usiku. Asubuhi nikaikuta imekatika, na ujumbe ni `File too large`. Nikapiga `df -h`: zaidi ya nusu ya gigabaiti 40 i tupu. Nikapiga `ls -l`: faili limesimama kwenye baiti 17247252480.

Diski ilikuwa na mfumo wa faili wa ext3. Inodi, yaani rekodi inayoonyesha data ya faili iko wapi, ina nafasi 15 za vielekezi. 12 za kwanza zinaelekeza moja kwa moja kwenye bloku za data. Ya 13 inaelekeza kwenye bloku iliyojaa vielekezi, ya 14 inapitia ngazi mbili za vielekezi, ya 15 ngazi tatu. Ya 16 haipo. Kielekezi kimoja kinakula baiti 4, kwa hiyo bloku ya baiti 1024 inabeba 256:

```
12 + 256 + 256² + 256³ = 16843020
16843020 × 1024 = 17247252480
```

Ndiyo namba ya `ls`, haijapungua hata baiti moja.

Hapa nina ugomvi na tulivyofundishwa. Tulichorewa mishale mingi ubaoni, ila hakuna aliyetuambia kwamba ukubwa wa bloku unahesabiwa mara mbili. Bloku ya baiti 4096 inabeba data mara 4 zaidi, sawa. Lakini inabeba pia vielekezi mara 4 zaidi, na kwenye ngazi tatu hiyo ni 4 × 4 × 4. Ukijumlisha yote, kikomo kinapanda karibu mara 256: kutoka gigabaiti 16 hadi terabaiti 4. (Kwa ext3 hufiki huko. Sehemu ya inodi inayohesabu sekta za baiti 512 ina biti 32 tu, inakukatia kwenye terabaiti 2.)

Na nani alichagua 1024? Hakuna mtu. `mke2fs` ikipewa eneo lililo chini ya megabaiti 512 huchagua 1024 yenyewe. Eneo letu lilizaliwa na megabaiti 300, likaja kupanuliwa kwa `resize2fs`, ambayo haigusi ukubwa wa bloku. Kwa maoni yangu chaguo hilo la kimyakimya limepitwa na wakati: unaokoa vipande vya kilobaiti, halafu miaka baadaye faili linagonga dari. Mwenye eneo lililopanuliwa aangalie leo:

```
tune2fs -l /dev/sdb1 | grep 'Block size'
```

Ukiona 1024, `tune2fs` haitakusaidia kuibadilisha. Unahamisha data, unaumbiza upya kwa `-b 4096`, unairudisha. Mimi nilihamia ext4 kabisa, ambayo haiorodheshi bloku mojamoja bali huandika "anzia hapa, chukua kadhaa mfululizo". Nakala ya jana usiku ilimalizika kwenye gigabaiti 19.