Ndoto za Ramadhani zina saa zake

Kila Ramadhani hapa Dar es Salaam yanarudi maneno yale yale: mwezi huu watu wanaota sana. Wengine wanaona ni baraka ya mfungo, wengine wanaanza kuwaza majini na kutafuta mtu wa kuwasomea kombe. Mimi naamini kabla hujamuuliza yeyote maana ya ndoto yako, ujiulize kwanza: niliamka saa ngapi, na nani aliniamsha?

Usingizi huenda kwa mizunguko, kila mmoja kama dakika 90. Mwishoni mwa mzunguko huja kipindi ambacho macho huchezacheza chini ya kope, na hapo ndipo ndoto ndefu zenye visa huonekana zaidi. Kipindi hicho usiku wa mapema huwa kifupi. Kadiri kunavyokaribia kucha kinarefuka. Mtu akiamshwa katikati yake, mara nyingi ataisimulia ndoto yake vizuri. Akiachwa alale mpaka kipite, asubuhi atakwambia hakuota kitu. Ndoto aliiota, ila hakuamka wakati wa kuishika.

Sasa chukua jirani yangu mmoja wa Magomeni, mama wa makamo. Baada ya tarawehe na kuosha vyombo analala saa 5:30 usiku. Saa 10 alfajiri vijana wanapita na ngoma na madebe kuamsha watu kula daku, naye anaamka. Hapo amelala saa nne na nusu, mizunguko mitatu hivi, na sehemu ya usiku yenye ndoto nyingi zaidi ndiyo imekatwa. Anakula, anaswali alfajiri, na saa 11:45 anarudi kitandani. Mwili wake una deni la ndoto, na saa yake ya ndani iko pale pale inapozipendelea. Anazama humo upesi kuliko alivyozama usiku. Saa 1:30 mwanawe mdogo, ambaye hajafikia umri wa kufunga, anamtikisa akitaka chai. Anaamka ndoto yote ingali mbichi machoni.

"Mwenzangu, mwezi huu naota mpaka nachoka," aliniambia. Tulipokaa tukahesabu, karibu ndoto zote alizozikumbuka zilikuwa za usingizi ule wa pili.

Vipimo navyo haviungi mkono kwamba tunaota zaidi. Mwaka 2001 Rachida Roky wa Moroko na wenzake walichapisha vipimo vya usingizi wa vijana wenye afya waliokuwa wamefunga, na usingizi wa macho kuchezacheza ulipungua katika Ramadhani. Walipima watu wachache, kwa hiyo sitauchukulia utafiti huo kama neno la mwisho. Ila unalingana na ninachokiona mitaani: ndoto hazijaongezeka, tunaamshwa tu mahali pa kuzikumbuka. Na kwa sababu ya deni lile la ndoto, anayepanda mwendokasi Kimara mara baada ya alfajiri, bila kurudi kulala, huweza kusinzia kidogo kwenye kiti na kushtuka tayari ameshaanza kuota.

Na tunaota nini? Wengi wangetaja maji na chakula. Mwaka 1958 William Dement na Edward Wolpert waliwanyima watu vinywaji kwa siku nzima, na kiu haikutawala ndoto zao. Kilichopenya zaidi ni maji waliyorushiwa mwilini wakiwa wamelala. Naona wasiwasi wa mfungo ndio unaoingia kuliko njaa yenyewe: unaota umekunywa maji mchana ukasahau, unaamka na moyo unakwenda mbio. Saumu yako ipo, kula ndotoni hakuibatilishi.

Jirani yangu alikuwa akimwota marehemu mama yake akiomba chakula, na mtu mmoja alishamtajia bei ya kumtafsiria. Hilo liliniuma. Mtume, rehma na amani zimshukie, alitufundisha kwamba zipo ndoto za bishara, zipo za huzuni zitokazo kwa shetani, na zipo za mambo ambayo nafsi inajizungumzia. Mama huyu anapika futari ya mihogo ya nazi aliyofundishwa na mama yake, kila siku, mwezi mzima. Kumwombea dua mzazi ni haki yake. Kulipa pesa kwa sababu ya ndoto hiyo ni jambo jingine.

Kilichomsaidia ni kuandika saa aliyoamka kabla hajainuka kitandani, na kubadili daku. Alikuwa anashiba wali na maharage kisha analala chali na kiungulia, akishtuka mara kwa mara na vipande vya ndoto mbaya. Alipopunguza sahani na kukaa wima akisoma Kurani mpaka alfajiri, kushtuka kule kulipungua. Ndoto ndefu za saa 1 asubuhi ziliendelea kama kawaida, kwa kuwa hizo zinaletwa na saa ya mwili. Na hapa Dar, karibu na ikweta, adhana ya alfajiri haisogei hata saa moja mwaka mzima. Mwakani atarudi kulala muda ule ule.